Njoo Januari

Juni 2018 nilikwenda Sikonge, mkoani Tabora, kumzika baba. Nilikuwa na miaka 44, na miaka 22 kati ya hiyo ilikuwa imepita kwenye meza ya uhasibu jijini Dar es Salaam, nikifunga hesabu za kampuni moja ya usafirishaji mwezi baada ya mwezi. Siku mbili baada ya kuanua tanga, baba mdogo aliniambia nisikae nikiwaza ndani ya nyumba ya marehemu. "Vaa viatu vya kufunika miguu, mwanangu, twende porini."

Tulitembea kama saa nzima kwenye miombo mpaka manzuki yake, yaani mahali alipotundika mizinga. Jua lilikuwa linazama. Aliwasha bomba la moshi kwa maganda makavu ya miti, akapuliza moshi kidogo mlangoni mwa mzinga, akasubiri, kisha akafungua. Sauti ya nyuki ilibadilika, ikawa nzito, kama watu wengi wanaoongea chini kwa chini chumba cha pili. Akainua sega moja lililofunikwa nta nyeupe kutoka juu hadi chini, zito kiasi kwamba alilishika kwa mikono miwili. Usiku ule tulijaza ndoo sita za lita ishirini. Nilionja asali ikiwa bado na joto la mzinga, na nikaamua hapo hapo, kabla hatujafika nyumbani, kwamba kazi ya ofisini imetosha.

Leo naweza kueleza kosa langu kwa sentensi moja: niliipenda kazi nikiwa nimeiona katika mwezi wake wa mavuno tu. Wakati ule sikuliona. Ninaandika kwa sababu nimekutana na watu wengi wa umri wangu wanaobadili kazi kwa njia hiyo hiyo. Mmoja anaonja keki ya jirani siku ya harusi, anafungua duka la kuoka. Mwingine anatembelea shamba la matikiti siku ya kuvuna, anakodi ekari kumi. Wote tumeiona kazi ikiwa imevaa nguo zake za sikukuu.

Bajeti iliyokuwa sahihi kwenye karatasi

Nilirudi Dar es Salaam nikafanya ninachokijua, nikaandika bajeti. Mizinga 40 ya kisasa, ile ya sanduku lenye viunzi vya mbao juu ambavyo nyuki hujenga masega yao chini yake. Kila mzinga kilo 15 kwa msimu, misimu miwili kwa mwaka, bei ya jumla shilingi 8,000 kwa kilo. Jibu lilikuwa shilingi milioni 9.6 kwa mwaka. Mshahara wangu mkononi ulikuwa kama milioni 1.9 kwa mwezi, kwa hiyo nilijua nitashuka, lakini nilijipa moyo kwamba mizinga 40 ni ya kuanzia tu.

Akiba yangu ilikuwa milioni 11. Mizinga ilinigharimu milioni 3.2. Nguo mbili za kinga, bomba la moshi, viatu vya mpira, ndoo na waya wa kutundikia vilikula laki sita. Zilibaki milioni 7.2. Fungu langu katika matumizi ya nyumba, pamoja na ada, lilikuwa laki tisa kwa mwezi, na mke wangu, ambaye ni muuguzi, alibeba yaliyosalia. Milioni 7.2 ukigawa kwa laki tisa unapata miezi minane. Niliacha kazi mwisho wa Julai, kwa hiyo pesa ilikuwa inatosha mpaka mwisho wa Machi.

Mke wangu aliisoma ile karatasi akauliza swali moja tu. "Baba, asali ya kwanza unaipata mwezi gani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimehesabu kilo na shilingi, sikuhesabu miezi. Asali ya kwanza ilikuwa ya Juni. Kati ya Machi na Juni kulikuwa na pengo la miezi mitatu, na lilikuwa wazi kwenye karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu. Nilimwambia tutaona. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi.

Mizinga tupu

Fundi seremala niliyempa kazi alichelewa, na mizinga ikafika porini mwisho wa Novemba, mvua zikiwa zimeanza. Nilidhani mzinga ni kama nyumba ya kupanga, ukiweka kibao mteja anakuja. Nyuki hawaendi hivyo. Makundi mapya huondoka kwenye makazi ya zamani na kutafuta makao wakati maua yamejaa na chakula ni kingi. Huko kwetu miti mingi ya miombo huchanua kuelekea mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijakolea, na mimi niliyakosa makundi hayo kwa wiki chache. Baba mdogo alikuwa ameniambia nisugue nta iliyoyeyushwa ndani ya viunzi ili harufu iwavute, na nilisugua mizinga yote 40. Januari nilipita kuikagua. Yote ilikuwa mitupu. Miwili ilikuwa na mijusi.

Ile Januari sitaisahau. Mvua ilipiga mfululizo na hata nyuki wa baba mdogo, waliokuwa na makao tangu zamani, hawakutoka. Nyuki hawaruki kwenye mvua, na maua yaliyopo huoshwa utamu wake, kwa hiyo kundi hukaa ndani likila akiba yake. Mfugaji mwenye akili hugusi mzinga kipindi hicho. Maana yake ni kwamba nilikuwa na wiki sita ambazo kazi yangu mpya haikuwa na kazi. Nilikaa kwenye banda la baba nikisikiliza bati, na nikajiuliza kwa uzito wote kama nimewatupa watoto wangu kwa sababu ya msiba. Ndivyo nilivyofikiri: kwamba sikuamua kama mtu mzima, ila nilikimbia huzuni ya kufiwa na baba nikaiita nyuki. Mpaka leo sina hakika kama fikra hiyo ilikuwa na makosa.

Machi pesa iliisha kama karatasi ilivyosema. Mtoto wetu wa pili tulimtoa shule ya kulipia tukampeleka shule ya serikali karibu na nyumbani. Amesoma vizuri huko, lakini siku ile ya kubadili sare alinitazama kwa namna ambayo sikuwa na neno la kumjibu. Anayebadili kazi akiwa na watoto asidhani kwamba anaibadili peke yake.

Viunzi vya milimita 38

Machi na Aprili, maua yaliporudi, mizinga 17 ilipata nyuki. Nilikaribia kulia kwa furaha. Mwanzoni mwa Juni baba mdogo alikuja nami kufungua ule wa kwanza, na alipoinua kiunzi cha kwanza hakikuinuka. Alikijaribu cha pili, nacho kikang'ang'ania. Akainama akachungulia kwa tochi, kisha akanyamaza kwa muda.

"Mwanangu, hivi viunzi alipima nani?"

Nilikuwa nimemwambia fundi avikate upana wa kidole gumba na nusu. Nilipopima baadaye vilikuwa milimita 38. Nyuki wetu wa Afrika hujenga masega yao kwa nafasi ya milimita 32 kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Ukiwapa viunzi vya upana huo, kila sega linakaa chini ya kiunzi chake, na unaweza kuliinua, kulikagua na kulirudisha bila kumdhuru yeyote. Ukiwapa vipana zaidi, wao hawabadilishi kipimo chao. Wanaanza vizuri kwenye kiunzi cha kwanza, wanapotoka kidogo kwenye cha pili, na wakifika cha tano sega limekaa mshazari, limeshika viunzi viwili au vitatu kwa pamoja. Ukivuta kimoja, unapasua masega mawili. Asali inamwagikia majana, yaani watoto wa nyuki walio kwenye vitundu vyao, nyuki wanakasirika, na malkia anaweza kufia humo humo.

Ndivyo ilivyokuwa. Sega lilipasuka mikononi mwa baba mdogo, na mara hewa ikajaa harufu ya ndizi mbivu. Hiyo ndiyo harufu ambayo nyuki anaitoa anapochoma, na kwa wenzake ni wito wa kuja kuchoma pale pale. Moshi hufanya kazi kwa sababu unaifunika harufu hiyo, na kwa sababu nyuki wakihisi moshi hukimbilia kujishibisha asali kana kwamba wanajiandaa kuhama. Lakini moshi una mipaka yake, na kundi lililobomolewa nyumba halitulizwi. Tuliufunga mzinga ule na kuondoka mbio. Mikono yangu ilivimba siku mbili.

Makundi matano yalihama kabla ya mwisho wa mwezi. Ikabaki mizinga 12, na wastani wa kilo saba kwa kila mmoja. Kilo 84.

Kati ya hizo, nyingine ziliharibika kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa na haraka ya pesa, nikarina hata masega ambayo nyuki walikuwa hawajayaziba. Nyuki huleta utamu wa maua ukiwa na maji mengi, kisha huupepea kwa mbawa mpaka ukolee, na wanapoona umekolea ndipo wanapoufunika kwa nta. Ule mfuniko mweupe ndio muhuri wao. Sega ambalo angalau robo tatu yake imefunikwa linafaa kurinwa, lisilofikia hapo liachwe. Maji yakizidi sehemu 20 kwa mia, hamira zilizomo ndani ya asali zinapata nguvu ya kuichachua. Wiki ya tatu nilisikia mfuniko wa ndoo moja ukilia stoo. Nilipoufungua, juu kulikuwa na povu na harufu ya pombe changa. Kilo 30 zilikwenda hivyo. Nilizobaki nazo, kilo 54, niliziuza kwa shilingi 8,000, nikapata 432,000. Huo ndio ulikuwa msimu wangu wa kwanza, na ulikuwa chini ya robo ya mshahara wa mwezi mmoja.

Leja

Watu wananiuliza ni lini mambo yaligeuka. Wanategemea nitaje siku ya mavuno makubwa. Kwangu ilikuwa jioni moja ya Julai 2019, nilipochukua daftari la mistari ya wima, lile lile la kazi yangu ya zamani, nikampa kila mzinga ukurasa wake.

Mpaka siku hiyo nilikuwa nimejilazimisha kuusahau uhasibu. Niliona kwamba kuanza upya ni kuacha kila kitu nyuma. Vijana wa pale walikuwa wananiita Mhasibu, nami nilichukia jina hilo. Lakini nilikuwa na mizinga 40 yenye tabia tofauti na sikuwa na njia ya kujua kwa nini huu una nyuki na ule hauna, na kitu pekee nilichokijua duniani kuliko majirani zangu wote kilikuwa kuweka kumbukumbu. Basi nikaandika: tarehe nyuki walipoingia, mlango unaelekea wapi, kivuli cha mchana, umbali hadi kwenye maji kwa kuhesabu hatua, sisimizi, nondo wa nta, siku ya kuhama. Kila ziara mstari mmoja.

Baada ya mwaka mmoja daftari lilisema jambo ambalo macho yangu hayakuliona. Mizinga iliyokuwa imehamwa tangu nianze ilikuwa 11, na minane kati ya hiyo ilikuwa upande wa magharibi wa kilima, unaopigwa na jua la alasiri, zaidi ya kilomita moja kutoka kijitoni. Nyuki anaweza kufuata maua hata kilomita tatu, lakini kwenye joto kundi linahitaji maji muda wote ili kuupooza mzinga, na kuyabeba kutoka mbali kunamaliza nguvu yake. Ndani ya mzinga uliochemka nta hulegea, masega huanguka, kundi huondoka. Niliishusha ile mizinga minane na kuitundika karibu na kijito, chini ya kivuli. Viunzi vyote nilivikata upya kwa milimita 32, nikisimama juu ya fundi na rula. Waya za kutundikia nikazipaka grisi ili sisimizi na siafu wasipite, na nikaishusha mizinga ibembee mbali na shina ili nyegere asiifikie. Mwaka ule baba mdogo, mtu ambaye amerina tangu utotoni bila kuandika chochote, aliniomba nimfungulie na yeye kurasa zake.

Geuko la pili halikuwa la porini. Tangu Aprili 2019, pesa ilipoisha, nilikuwa nimeanza kufunga hesabu za wafanyabiashara wa nafaka mjini Tabora, siku sita kwa mwezi. Nililiona jambo hilo kama kushindwa, na nilikuwa namficha hata mke wangu idadi ya siku. Yeye ndiye aliyesema kwamba siku hizo sita ndizo zinazoniruhusu kuyaacha masega mabichi mzingani mpaka yazibwe. Ni kweli. Mtu mwenye njaa anarina mapema. Asali yangu ilichacha kwa sababu nilikuwa nadaiwa ada.

Kuanzia hapo sikurina tena chochote kwa sababu ya bili. Nilifunga mwaka mzima na baba mdogo, mwezi kwa mwezi: kutundika kabla ya maua, kukaa kimya kwenye mvua, mavuno makubwa ya Juni, mavuno madogo ya kuelekea Desemba, na ule ukame wa Agosti na Septemba ambapo kazi ni kubeba maji na kufukuza siafu. Ndipo nilipoona kwamba nilipaswa kuufanya mwaka huo kabla ya kuacha kazi. Likizo yangu ya siku 28 ningeweza kuigawa: wiki Januari, wiki Juni, wiki Septemba, wiki Novemba. Ningejifunza vipimo kwa mizinga mitano badala ya arobaini, na viunzi vya milimita 38 vingeniharibia mizinga mitano. Ningekuja huku nikiwa na miaka 45 badala ya 44, na mtoto wangu angemaliza shule yake alipoanzia. Ndilo jambo moja ninalomwambia anayeniuliza: kabla hujaacha kazi yako, uishi mwaka mmoja kamili wa kazi unayoitamani, ukianza na mwezi wake mbaya kuliko yote.

Hesabu ya sasa

Mwaka 2021 nilikuwa na mizinga 60, na 44 ilikuwa na nyuki. Msimu mkubwa ulitoa wastani wa kilo 11 kwa mzinga, kilo 484. Msimu mdogo ulitoa 180. Jumla kilo 664, bei ilikuwa imepanda hadi 9,000, na nikapata chini kidogo ya milioni sita. Ukigawa kwa miezi 12 ni kama laki tano kwa mwezi, kabla ya gharama. Nta niliiuza pembeni, ikalipia ndoo na usafiri. Hesabu za wafanyabiashara ziliniletea karibu kiasi hicho hicho. Vyote viwili kwa pamoja havikufika mshahara wangu wa 2018, na sioni dalili kwamba vitaufikia karibuni. Goti langu la kushoto halipendi ngazi. Siku nyingine nikiwa mjini napita mbele ya ofisi yenye kiyoyozi na kuona mtu wa umri wangu anafunga laptopu yake saa kumi na moja, na nahisi kitu ambacho nakubali kukiita wivu.

Lakini pia kuna saa ile ya jioni, moshi umetulia, ninapoinua sega lililozibwa lote na kuligeuza kwenye mwanga wa tochi, na ninajua ni kwa nini limezibwa, ni mti gani ulioleta utamu ule, na kwamba mzinga huu ukurasa wa 23 haujahamwa tangu niusogeze kivulini. Katika miaka 22 ya kufunga hesabu za malori sikuwahi kuijua kazi yangu kwa namna hiyo.

Mwaka juzi mwenzangu wa zamani ofisini alinipigia simu mwezi Juni. Ana miaka 47. Alikuwa ameona picha ya ndoo zangu zimepangwa uani na alitaka kuja wikiendi ile ile, aone, kisha aandike barua. Nilimwambia asije.

"Njoo Januari, ndugu yangu. Wiki ya pili."

Alidhani namfukuza. Lakini alikuja, na mvua ilikuwa kama ninavyoijua. Tulitembea kwenye tope mpaka manzuki, nikamwonyesha jinsi ya kuweka sikio kwenye ubao wa mzinga bila kuufungua. Alisikiliza muda mrefu. Ndani kulikuwa na ule mvumo mdogo wa kundi linalojikusanya kupata joto na kula akiba.

"Na sasa hivi," aliuliza, sikio likiwa bado kwenye ubao, "mwezi huu wote, wewe unakula nini?"

Nilitoa daftari mfukoni, nikalifunika na koti lisilowe, tukaanza kuhesabu.